Transfoma ya 33/11 kV: mafuta yachujwe tena, au yarejeshwe kwa udongo?

Volti33

Wakuu, habari za kazi. Nina transfoma ya MVA 10, 33/11 kV, yenye lita 12,000 za mafuta ya madini yasiyo na kizuia oksidisho. Inapumua kupitia tenki la juu lenye silika jeli. Majibu ya maabara yamerudi hivi:

```
Volti ya kuvunjika (2.5 mm)   27 kV
Maji                          38 ppm (mafuta yakiwa 45°C)
Asidi                         0.32 mg KOH/g
Mvutano wa uso                17 mN/m
Rangi                         kahawia iliyokolea
```

Miaka miwili iliyopita ilichujwa kwa mashine ya vakyumu, volti ya kuvunjika ikapanda hadi 65 kV. Baada ya miezi minane ilikuwa 41, na sasa ndiyo hiyo 27. Mkandarasi ameleta makadirio ya kuchuja na kutoa gesi, mizunguko mitatu. Bosi anaona sawa kwa sababu mara ya kwanza ilipanda vizuri. Mimi nasita. Naombeni mawazo kabla sijatia saini.

---

Kilowati_Kuu

Mkuu, usijisumbue. Kazi ya mafuta ni kuhimili volti na kupoza. 27 kV ni kidogo, chuja yafike 60 na kuendelea, maisha yasonge. Ila kabla ya kuchuja kaangalie silika jeli na gasketi. Jeli ikiwa imeshabadilika rangi mpaka juu, au kikombe cha mafuta cha chini yake ni kikavu, transfoma inavuta hewa mbichi kila usiku ikipoa, na utachuja hadi uchoke. Naamini hapo ndipo maji yako yalipotokea.

---

FundiMafuta

Ushauri wa jeli na gasketi ni sahihi na ufanyike kwanza. Lakini kuchuja peke yake hapa ni kurudia kazi ileile na kupata jibu lilelile.

Volti33, iweke kando ile volti ya kuvunjika kwa muda, soma mistari miwili ya asidi na mvutano wa uso. Kwa transfoma ya hadi 72.5 kV, mwongozo wa IEC 60422 unahesabu asidi kuwa mbaya ikipita 0.30, na mvutano wa uso kuwa mbaya ukishuka chini ya 20 kwa mafuta yasiyo na kizuia oksidisho. Wewe umevuka yote mawili. Mafuta hayo yamezeeka. Yameungua polepole kwa oksijeni na joto, yakazaa asidi, na asidi hizo zikiendelea kuungana zinazaa tope.

Sasa tazama kila mashine inaondoa nini.

Filta ya maikroni 1 inakamata chembe ngumu: nyuzi za karatasi, masizi, vumbi la chuma, na tope lililokwisha kuganda. Chemba ya vakyumu inatoa maji na gesi zilizoyeyuka. Hizo mbili, nyuzi zenye unyevu na maji, ndizo hasa zinazoangusha volti ya kuvunjika, ndiyo maana ulipochuja ikaruka hadi 65. Lakini asidi imeyeyuka ndani ya mafuta kama sukari kwenye chai, inapita kwenye filta bila kuguswa, na vakyumu inaondoa sehemu ndogo tu, ile nyepesi. Mkandarasi akimaliza mizunguko mitatu utakuwa na mafuta yenye 65 kV na asidi ileile ya 0.3, yakiendelea kula karatasi za koili.

Kinachoondoa asidi na vitu vyote vya uzee ni udongo maalumu wa kunyonya. Mafuta yanapitishwa kwenye mitungi yake yakiwa ya moto, asidi na mabaki ya oksidisho vinang'ang'ania kwenye udongo, mafuta yanatoka na rangi ya njano hafifu. Huko ndiko kurejesha mafuta, na ndiko unakohitaji.

Una majibu ya asidi ya kabla na baada ya ule uchujaji wa miaka miwili iliyopita?

---

Volti33

Nimeyapata kwenye faili. Kabla ya kuchuja asidi ilikuwa 0.25. Baada ya kuchuja walipima volti ya kuvunjika na maji tu. Maji yalikuwa 8 ppm.

---

FundiMafuta

Basi umejionea. Cheti cha kumaliza kazi kilipima vile vitu ambavyo mashine ile inaweza kuvibadilisha, hakikugusa kilichokuwa kibaya. Kwenye mkataba ujao andika kwamba asidi na mvutano wa uso vinapimwa kabla na baada, na maabara isiwe ya mkandarasi.

---

MaabaraYetu

Niongeze kuhusu maji, kwa sababu 38 ppm na 27 kV watu huziona hazielewani.

Kiasi cha maji ambacho mafuta yanaweza kukiyeyusha kinapanda sana na joto. Kwa mafuta mapya ni takriban hivi:

```
20°C    55 ppm
25°C    68 ppm
45°C   146 ppm
60°C   243 ppm
```

Ndani ya tenki, kwenye 45°C, 38 ppm ni robo tu ya uwezo wa mafuta. Lakini kipimo cha kuvunjika kinafanywa maabara kwenye joto la chumba, tuseme 25°C, ambako 38 ileile ni zaidi ya nusu ya uwezo. Nyuzi za karatasi zilizomo zinafyonza unyevu huo, zinajipanga kati ya elektrodi, na cheche inapita. Kwa hiyo 27 kV hiyo si kosa la maabara. Inakuonyesha mafuta yatakavyokuwa transfoma ikizimwa na kupoa usiku mmoja, halafu mtu akaiwasha asubuhi. Mafuta yaliyozeeka yanabeba maji zaidi kidogo ya hesabu hii, ila sura yake ni hiyo.

Jambo la pili ni mahali yalipo maji. Lita 12,000 ni kama kilo 10,560. Kwa 38 ppm, mafuta yote yamebeba gramu 400 za maji, chupa moja ndogo. Karatasi na kadibodi za transfoma ya ukubwa huo tuziweke kilo 900, na unyevu wake asilimia 3. Hizo ni kilo 27 za maji. Mashine ya vakyumu ikikausha mafuta kwa siku mbili inatoa zile gramu 400 na kidogo juu yake. Kisha karatasi inaanza kuachia maji polepole hadi pande zote mbili zipatane tena. Ndiyo sababu 8 ppm yako ilirudi kuwa 38 hata kama jeli ilikuwa nzima.

---

Kilowati_Kuu

Hapo kwenye karatasi nimekuelewa, dada. Lakini kama mafuta yameoza, kwa nini asimwage yote aweke mapya? Asidi ya mafuta mapya haifiki hata 0.01. Kazi inaisha siku moja, hakuna mitungi ya udongo wala nini.

---

FundiMafuta

Inawezekana, na kwa transfoma ndogo ya lita mia mbili tatu mara nyingi hiyo ndiyo njia ya busara. Kwa lita 12,000 angalia kinachobaki ndani. Ukimwaga, mafuta yaliyolowanisha karatasi, yaliyojificha kati ya koili na kwenye mapezi ya kupozea, hayatoki. Chukua kwamba asilimia 10 imebaki. Hiyo peke yake inapandisha asidi ya mafuta mapya hadi karibu 0.04 siku ya kwanza. Kisha tope lililoganda kwenye koili linaanza kuyeyukia mafuta mapya, maana mafuta safi ni kiyeyusho kizuri kuliko machafu, na asidi iliyomo kwenye karatasi inatoka nayo. Baada ya mwaka mmoja utashangaa kuona mafuta mapya yamezeeka haraka namna hiyo.

Kurejesha mafuta yakiwa yanazunguka ndani ya transfoma kunatumia jambo hilohilo kwa faida. Mafuta yanayotoka kwenye udongo yanarudi safi na ya moto, yanayeyusha tope, yanalibeba hadi kwenye udongo, yanaliacha huko, yanarudi kuchukua jingine.

Kwa hiyo mtu akikwambia atayamwaga mafuta kwenye tenki la pembeni, ayarejeshe huko, kisha ayajaze tena, jua kwamba atakurudishia mafuta mazuri na koili chafu.

---

Nyaya_Tatu

Samahani kuingilia uzi, ila linahusiana. Mimi mafuta yangu hayana asidi, ni 0.05, lakini kipimo cha gesi kimetoa asetilini 40 ppm na haidrojeni 210. Mwaka jana asetilini ilikuwa haipo kabisa. Nataka nitoe gesi kwa vakyumu zirudi sifuri ili nianze upya. Mizunguko mitatu inatosha?

---

MaabaraYetu

Kaka, usitoe gesi hizo bado. Asetilini kutoka sifuri hadi 40 ni dalili ya cheche ndani ya tenki, au ya mafuta ya tepu chenja kuvujia kwenye tenki kuu. Ukizifuta kwa vakyumu, kilichokuwa kinazizalisha kipo palepale, na umejinyima ushahidi wa kujua kama kinaendelea na kwa kasi gani.

Chukua sampuli nyingine leo kwa sirinji ya kioo isiyo na kipovu cha hewa, nyingine baada ya siku chache, ulinganishe ongezeko. Kama una tepu chenja yenye tenki lake, chukua sampuli ya huko pia na uangalie usawa wa mafuta kwenye matenki mawili ya juu. Uvujaji kwenye kizuizi kati yao unatoa picha kama hiyo yako. Zikiwa zinapanda kila siku, zungumza na wahusika juu ya kuizima.

Kutoa gesi kunakuja baada ya hitilafu kupatikana na kurekebishwa. Hata hapo, usitarajie sifuri ya kudumu. Karatasi nayo imeshika gesi, itaachia taratibu kwa wiki kadhaa, na mtu asiyelijua hilo ataona zinapanda na kudhani hitilafu imerudi. Chukua sampuli siku moja baada ya kumaliza, wiki moja, mwezi mmoja, ndipo upate msingi mpya wa kulinganishia.

---

Nyaya_Tatu

Nimekupata. Tepu chenja ipo, na tenki lake la juu limekuwa likishuka kidogo kidogo. Nafungua uzi wangu wenye majibu ya sampuli zote mbili.

Lakini basi kutoa gesi kunahitajika lini, kama si kwa gesi?

---

FundiMafuta

Kunahitajika mara nyingi, ila kwa sababu nyingine. Mafuta yaliyokaa wazi yanameza hewa kama asilimia 10 ya ujazo wake. Ukijaza transfoma kwa mafuta ya namna hiyo, au ukayaacha yapige hewa kwenye pampu, kunaweza kubaki vipovu kati ya koili, na kipovu kina uhimilivu mdogo sana wa volti kuliko mafuta. Mafuta yaliyotolewa gesi yana njaa ya hewa, yanameza vipovu vilivyobaki kwenye pembe za karatasi. Kwa hiyo transfoma mpya, au iliyofunguliwa kwa matengenezo, inajazwa chini ya vakyumu kwa mafuta yaliyokaushwa na kutolewa gesi. Kadiri volti inavyokuwa kubwa ndivyo sharti hili linavyokuwa kali.

Na transfoma ambayo mafuta yake yana asidi ya chini na mvutano wa uso mzuri, ila maji na chembe vimepanda, hiyo ndiyo ya kuchujwa na kukaushwa kwa vakyumu. Volti33 angekuwa na asidi 0.06 na mvutano 32, ningemwambia mkandarasi wake yuko sahihi.

---

Volti33

Asanteni sana. Basi nimeelekea kwenye udongo. Kazi yenyewe inakwendaje hatua kwa hatua, na nimsimamie mkandarasi kwenye nini?

---

FundiMafuta

Kabla hata ya lori kuingia, pima PCB, ile kemikali ya sumu ya mafuta ya zamani. Ikiwa mafuta yako yana 50 mg/kg au zaidi, hiyo si kazi ya mkandarasi wa kawaida, inafuata masharti ya Mkataba wa Stockholm. Na swali hilo lina upande wa pili: mwulize mkandarasi transfoma ya mwisho aliyohudumia ilikuwa na PCB kiasi gani, akuonyeshe karatasi. Mashine, mipira na udongo vinabaki na mafuta ya mteja aliyetangulia, na yataingia kwako. Wakati huohuo chukua kipimo cha gesi na cha furani, zile zinazoingia kwenye mafuta karatasi ikichakaa, maana udongo unaondoa furani na baada ya hapo utakuwa umepoteza kidokezo cha hali ya karatasi.

Pili, jaribio la chupa. Chukua lita moja ya mafuta yako, ongeza gramu 50 za udongo atakaoutumia, koroga kwenye 70°C kwa nusu saa, chuja, pima asidi. Rudia kwa gramu 80 na 120. Ikionekana gramu 80 ndizo zinazofikisha 0.03, lita 12,000 zinadai kilo 960, na unaongeza akiba kwa ajili ya asidi itakayotoka kwenye karatasi na tope. Mkandarasi mwenye mitungi inayochomwa na kutumika tena hahitaji kuleta udongo wote huo kwa mkupuo, ila jaribio litamwambia atachoma mara ngapi. Asiyefanya jaribio hili anakisia, na akiishiwa udongo katikati ya kazi atakuomba ukubali 0.12.

Siku ya kazi, mafuta yanavutwa valvu ya chini na kurudishwa juu, upande wa pili wa tenki. Ukiunganisha valvu zilizo karibu, mafuta safi yanakata njia fupi na kurudi mashineni bila kupita kwenye koili. Mipira ijazwe mafuta na kutolewa hewa kabla ya kufungua valvu ya transfoma.

Mzunguko wa kwanza pitisha kwenye hita na vakyumu tu, bila udongo. Udongo unapenda maji kuliko asidi. Ukiupelekea mafuta yenye unyevu, utajaa maji na asidi itapita. Yakishakauka, fungua mitungi, mafuta yawe kati ya 60 na 80°C. Baada ya udongo lazima kuwe na filta ya maikroni 1 au chini yake, kisha vakyumu. Hapa ndipo wengi wanaharibu: filta ikipasuka au ikikaa vibaya, vumbi la udongo linaingia kwenye transfoma, rangi inapendeza, asidi imeshuka, na volti ya kuvunjika inakuwa mbaya kuliko ulivyoanza. Ukiona hivyo usimwache aondoke, vumbi hilo linatolewa kwa filta tu.

Simamia bomba la kutokea kwenye mitungi. Kila baada ya saa mbili chukua sampuli hapo, si kwenye tenki, na upime asidi palepale. Ikianza kupanda kutoka 0.02 kwenda 0.05, mtungi umeshiba. Abadilishe au auchome. Akiendelea kuzungusha mafuta kwenye udongo ulioshiba anachoma dizeli bure.

---

Volti33

Na mizunguko mingapi? Ameandika mitatu.

---

FundiMafuta

Usilipe kwa mizunguko. Mafuta safi yanachanganyika na machafu ndani ya tenki, kwa hiyo lita 12,000 zikishapita mashineni bado asilimia 37 ya mafuta yaliyomo hayajaguswa. Kwa mashine ya lita 3,000 kwa saa, inayotoa mafuta ya 0.02, hesabu ya karatasini inakwenda hivi:

```
mwanzo            0.32
saa 4  (mara 1)   0.13
saa 8  (mara 2)   0.06
saa 12 (mara 3)   0.035
saa 16 (mara 4)   0.025
```

Kwa hiyo mara tatu inaonekana karibu inatosha, na mkandarasi atakuonyesha 0.035 akiwa na furaha. Mwambie asimamishe mashine, akae siku mbili tatu transfoma ikiwa na joto, apime tena. Ikiwa imerudi 0.08, hiyo ni asidi ya kwenye karatasi na tope la koili. Anaendelea. Tope halitoki kwa mafuta ya 50°C. Linaanza kuyeyuka vizuri mafuta yakikaribia 80, na linataka siku, si saa. Mimi ningeandika kwenye mkataba: kazi imekamilika asidi ikiwa 0.03 au chini, mvutano wa uso 35 au zaidi, na vipimo hivyo vishikilie baada ya mapumziko hayo.

---

Bi_Relei

Kuna jambo halijaguswa. Volti33, kazi hii itafanyika transfoma ikiwa imezimwa au ikiwa hewani? Maana wakandarasi wengi wa udongo siku hizi wanapenda ikiwa inafanya kazi, wakisema joto na mtikisiko wa koili vinasaidia kuondoa tope.

Hilo la joto ni kweli. Ila nataka nione mambo yafuatayo kabla sijakubali. Relei ya Bukholzi, ile inayogundua gesi na mkurupuko wa mafuta, ibaki na uwezo wa kutripu. Mtu asiniambie nizime ulinzi wote ili asisumbuliwe. Mashine iwe na valvu zinazojifunga zenyewe umeme wake ukikatika au mpira ukipasuka, la sivyo transfoma inamwaga mafuta hadi koili zibaki wazi huku zina 33 kV. Iwe na kifaa kinachogundua kipovu kwenye mpira wa kurudishia na kufunga papo hapo. Mafuta yarudi kwa mwendo wa taratibu, kwa sababu mafuta makavu ya moto yakikimbia juu ya karatasi yanazalisha umeme tuli. Na kengele ya Bukholzi ikilia, mashine inasimama kwanza, maelezo baadaye.

Na kwa transfoma hii yenye 27 kV nisingeruhusu kuanza ikiwa hewani. Kuvuta kutoka chini kunaweza kuamsha maji na uchafu uliotulia sakafuni.

---

FundiMafuta

Hapo hatukubaliani kwa sehemu. Ikizimwa inapoa, na hita ya mashine peke yake itahangaika kuifikisha koili 80°C, hasa mapezi yakiwa wazi. Ningeizima kwa ule mzunguko wa kwanza wa kukausha na kuchuja, volti ikifika 50 naiwasha, naendelea na udongo ikiwa na mzigo.

---

Bi_Relei

Kwa masharti niliyoyataja, hilo naweza kulisaini. Mashine isipokuwa na hizo valvu, inabaki imezimwa, wafunge valvu za mapezi na kuifunika tenki kwa maturubai ishike joto. Kazi itachukua muda zaidi, sawa.

---

Kilowati_Kuu

Swali moja la haki: mafuta yakitoka kwenye udongo yanakuwa sawa na mapya kabisa?

---

MaabaraYetu

Asidi, mvutano wa uso, rangi na upotevu wa umeme kwenye 90°C vinakaribia vya mafuta mapya. Kuna vitu viwili havirudi.

Cha kwanza ni kinga yake dhidi ya oksidisho. Udongo hauchagui, unaondoa pia baadhi ya vitu vya asili vilivyokuwa vinayalinda mafuta. Yakiachwa hivyo yanazeeka upesi. Kwa hiyo mwishoni, udongo ukishafungwa, inaongezwa dawa ya kuzuia oksidisho, DBPC, asilimia 0.3 kwa uzito. Kwa kilo 10,560 ni kama kilo 32. Usiimwage kavu kwenye tenki. Iyeyushe kwenye mapipa ya mafuta yaleyale yaliyopashwa 60 hadi 70°C, ivutwe na mashine kidogo kidogo, kisha zungusha tenki lote angalau mara mbili. Hita isizidi 60 na vakyumu isiwe kali hapo, maana inaweza kuinyonya dawa uliyoinunua. Baada ya hapo pima kiasi chake, kwa sababu toka siku hiyo transfoma yako ni ya mafuta yenye kizuia oksidisho na lazima kiasi hicho kifuatiliwe.

Cha pili ni karatasi. Nyuzi zilizokatika hazishonwi na mashine yoyote. Furani uliyoipima kabla ndiyo itakayokuambia kama transfoma hii inastahili gharama hizi. Ikionyesha karatasi imefika mwisho, pesa ya udongo ipelekwe kwenye transfoma mpya.

Halafu dai kipimo cha salfa babuzi baada ya kazi, kwa IEC 62535. Udongo unaochomwa na kutumika tena, usipochomwa vizuri, umewahi kuyafanya mafuta yaliyokuwa salama yaanze kushambulia shaba. Na kama mafuta yaliwahi kuwekewa dawa ya kukinga shaba, udongo umeiondoa, inabidi irudishwe.

---

Kilowati_Kuu

Kuhusu DBPC sikubaliani sana. Mafuta yake hayakuwa nayo tangu kiwandani na yamekaa miaka yote hiyo. Akiongeza, na asipoifuatilia, itaisha na mafuta yataporomoka ghafla.

---

MaabaraYetu

Hoja yako ya kuisha ghafla ni ya kweli, na nimeona wahandisi wazuri wakigawanyika hapo. Mimi nasimama kwenye kuongeza, kwa sababu ile kinga ya asili aliyotoka nayo kiwandani sasa imebaki kwenye udongo. Lakini kama Volti33 anajua kituo chake hakipimi mafuta kila mwaka, afikirie mara mbili.

---

Volti33

Tunapima kila mwaka, nitaongeza. Swali langu la mwisho ni zile kilo 27 za maji kwenye karatasi. Udongo hauzigusi?

---

FundiMafuta

Hauzigusi. Siku kadhaa za mafuta ya moto na vakyumu zitatoa sehemu, usitarajie nusu. Una njia mbili. Ukiweza kuizima kwa muda mrefu, pasha koili kwa mafuta ya moto, mwaga mafuta haraka, vuta vakyumu kali tenki likiwa tupu na koili bado zina joto, rudia hadi maji yanayotoka yapungue. Kwanza hakikisha kwenye kibao au kwa mtengenezaji kwamba tenki na mapezi vinastahimili vakyumu kamili, tenki nyingi za zamani za 33 kV hazistahimili, zinakunjika. Njia ya pili ni kikaushio kidogo chenye katriji kinachofungwa kwenye transfoma na kuzungusha mafuta kidogo kwa miezi mingi. Ni cha taratibu, lakini karatasi nayo inaachia maji taratibu, kwa hiyo wanakwenda pamoja.

Kwa transfoma yako ningefanya udongo kwanza, kikaushio baadaye. Maji na asidi vinakata karatasi kwa kusaidiana, na asidi ndiyo unayoweza kuitoa wiki hii.

---

Volti33

Nimemrudishia mkandarasi makadirio yake leo. Nimemwomba jaribio la chupa, cheti cha PCB cha mashine, na malipo kwa asidi na mvutano badala ya mizunguko. Amejibu kwamba mashine yake haina mitungi ya udongo kabisa, ila anaweza "kuongeza mizunguko". Natafuta mwingine. Sampuli ya furani imeondoka asubuhi, nikipata majibu nitayaweka hapa.